Sijapata, Hujatuma

Kule ofisini walimwita Dada Mkato. Alikuwa mhariri wa vitabu vya shule, na aliwahi kumsimamisha msanifu kurasa nusu saa nzima akibishania mkato mmoja baada ya neno "moyo". Jina lilimganda. Mwanzoni alinuna, baadaye akazoea, siku hizi akipigiwa simu na mapokezi anaitika mwenyewe, "Mkato hapa."

Sasa Mkato alikuwa na kitabu chake cha kwanza. Cha kwanza kabisa, si cha kusaidia wengine: baiolojia, kidato cha pili, sura tisa, na ukurasa wa mwanzo ulikuwa umeshapangwa na jina lake likiwa chini ya neno "Mhariri". Alimpigia picha mama yake ukurasa ule kabla hata haujachapishwa. Mama akaitangaza kwa ukoo mzima. Kwa hiyo kitabu kikikwama, hakikwami peke yake, kinakwama na shangazi zake wote.

Na kilikuwa kimekwama. Sura nane zilikuwa safi. Sura ya tano, ile ya mzunguko wa damu, ilikuwa inasubiri maoni ya Mzee Wino.

Mzee Wino alikuwa mhariri mwandamizi, wa siku nyingi kuliko lifti ya jengo. Alihariri vitabu ambavyo Mkato mwenyewe alivisomea shuleni. Kalamu yake nyekundu ilikuwa imewaliza waandishi wenye shahada tatu, na hakuna sura ya sayansi iliyotoka pale bila yeye kuipitia. Maoni yalitakiwa Ijumaa ya wiki juzi. Leo ilikuwa Jumanne. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimesema wazi: faili lifike Alhamisi saa kumi jioni, likichelewa mashine anapewa mteja mwingine, na kitabu kisubiri muhula upite.

Si kwamba Mkato hakumkumbusha. Alimwandikia Jumatatu ya wiki iliyopita, barua pepe ya aya nne. Alimsalimu, akamuulizia afya, akamshukuru kwa mchango wake usiopimika katika elimu, akasema anatambua alivyo na shughuli nyingi, na mwishoni kabisa akagusia kwamba "masuala ya sura ya tano yanaendelea kukumbukwa kwa heshima". Mzee Wino alijibu siku ileile: "Asante sana, mwanangu. Ubarikiwe."

"Ulitegemea ajibu nini?" msanifu kurasa alimuuliza, akivuta kiti karibu. "Hukumuomba kitu. Umemtumia kadi ya pongezi."

"Nilikuwa namheshimu."

"Umemheshimu mpaka ombi limepotea. Haya, andika tena."

Mkato aliandika. Safari hii damu ilikuwa imemchemka, na vidole vilikimbia: *Shikamoo Mzee. Hujatuma maoni ya sura ya tano, ambayo yalitakiwa Ijumaa ya wiki juzi. Kazi yote imesimama.* Aliisoma akaona iko sawa. Kila neno lilikuwa la kweli, na kwa mhariri ukweli ni nusu ya ushindi. Akapeleka mkono kwenye kitufe cha kutuma.

"Ngoja kwanza," msanifu akasema, akiweka kidole kwenye kioo. "Hii 'hu' ya mwanzo. Unaona? Umemnyooshea kidole mtu aliyemzidi umri baba yako."

"Lakini ni kweli hajatuma!"

"Wewe unajua nini? Unachojua ni kwamba hujapata. Yaliyotokea huko juu ghorofa ya tatu, hukuwepo."

Mkato ndiye mwenye kubishania mikato, na hapa mtu wa kupanga picha za figo alikuwa anamfundisha viambishi. Ilimuuma kidogo, lakini alikuwa na macho ya kuona sentensi nzuri hata ikitoka kwa adui. Akafuta yote.

Akaanza upya, polepole: *Shikamoo Mzee. Maoni yako ya sura ya tano bado sijayapata, na sijui kama kuna kitu kimekwama upande wangu. Kiwanda kinataka faili Alhamisi saa kumi jioni, kwa hiyo nayahitaji kufikia kesho saa sita mchana. Ninachohitaji zaidi ni mchoro wa moyo na maswali ya mwisho. Mengine yakizidi, tutayagawana. Naweza kupanda kwako saa yoyote leo.*

Mistari minne. Salamu ipo, kazi ipo, siku ipo, saa ipo. Akatuma, kisha akakaa akitazama kioo kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

Jibu lilikuja baada ya dakika sita. *Marahaba. Na mimi sijapata.*

Mkato alisoma mara mbili. Hakungoja lifti. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kubisha hodi akihema.

Mzee Wino alikuwa mezani, miwani juu ya paji la uso. Bila maneno mengi aligeuza kompyuta yake imwelekee. Kwenye kioo kulikuwa na kile kiungo cha faili ambacho Mkato mwenyewe alimtumia wiki tatu zilizopita, na chini yake maandishi: *Huna ruhusa ya kufungua faili hili. Omba ruhusa.*

"Nimeomba," Mzee alisema. "Mara tatu. Kimya."

Mkato aliinama asome jina la mwenye faili. Faili lile lilianzishwa na mhariri aliyemtangulia, yule aliyeacha kazi mwaka jana. Kila ombi la ruhusa lilikwenda kwenye anwani ya mtu ambaye hayupo tena. Yeye alirithi folda, akasambaza kiungo, wala hakujaribu kama kinafunguka kwa mwingine.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

Mzee Wino aliteremsha miwani, akaifuta, akairudisha ilipokuwa. "Nimebakiza miezi minne nistaafu, mwanangu. Nikasema labda vijana wameamua kuniondoa, wanaona haya kuniambia usoni. Halafu ukaniandikia ile barua ya kunishukuru kwa mchango wangu." Alicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Niliisoma kama ya kuagwa."

Karibu wiki mbili Mkato alikuwa akihesabu siku alizocheleweshwa, na muda wote huo mzee wa watu alikuwa kakaa ghorofani juu yake akidhani amefukuzwa kwa adabu. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya haki.

"Nisamehe, Mzee. Kosa ni langu."

"Haya, yaache." Alivuta droo, akatoa rundo la karatasi. Ilikuwa nakala ya rasimu ya kwanza, ile waliyogawiwa wote miezi mitatu nyuma, na kila ukurasa ulikuwa mwekundu kuanzia juu hadi chini. "Niliipitia hii. Nikasema, wakinihitaji watanikuta tayari. Ventrikali za moyo mmezigeuza majina, ya kushoto imeandikwa ya kulia. Daktari akisomea kitabu hiki tumekwisha."

Walikaa mpaka saa kumi na moja, Mzee akisoma, Mkato akihamishia masahihisho kwenye rasimu mpya na kuruka yale yaliyokuwa yameshasahihishwa. Walibishania mikato miwili. Mzee alishinda mmoja.

Mkato alipokusanya vitu vyake aende, Mzee Wino alikuwa akipanga kalamu zake bila kumtazama.

"Kile cha kidato cha tatu," akauliza, "nani anakipitia?"

Kitabu kile kilikuwa hakijapangiwa mtu, wala Mkato hakuwa na mamlaka ya kukipanga.

"Wewe, Mzee," akajibu. "Na karatasi nitakuletea mwenyewe."