Shahada ya Bi Maimuna

Maimuna Mwinyimvua huuza vitenge vya jumla Kariakoo, na kwa miaka ishirini hajaogopa mtu. Mgambo humwamkia. Ila siku ile, kwenye ukumbi wa mikutano mtaa wa Gerezani, aliogopa.

Ubaya aliutengeneza mwenyewe. Alipofungua profaili ya duka mtandaoni, alifika kwenye kisanduku cha elimu akaona haya kukiacha kitupu. Akaandika: shahada ya biashara. Ukweli, shule aliiacha kidato cha pili, mama yake alipougua. Wateja wa Lubumbashi wataulizia vyeti? Akajisahaulisha.

Kisha wanawake wafanyabiashara wakamwalika kuzungumza kwenye mkutano wao. Katibu wao, Theopista, akachota wasifu wake kutoka kwenye profaili ileile, akauandika mara mbili: mrefu kiasi, wa maneno mia na hamsini, uchapwe kwenye kijitabu, na mfupi, wa maneno hamsini, mshereheshaji ausome kabla mgeni hajapanda jukwaani. Akamtumia ule mrefu auhakiki.

Maimuna aliposoma "ana shahada ya biashara", alishika simu palepale. Akampigia Theopista.

"Mwanangu, hayo ya shule yatoe. Watu wanataka habari za vitenge, bwana."

"Sawa, mama. Nayatoa sasa hivi."

Angesema tu kwamba ni uongo! Theopista angejua kuufuta popote ulipo. Lakini aliona aibu, na binti wa watu akadhani ni kupunguza maneno tu. Akayafuta kwenye wasifu ule mrefu. Ule mfupi ulikuwa umeshafika kwa mshereheshaji.

Hayo Maimuna aliyajua akiwa ameketi ukumbini, kijitabu safi mapajani, pale Leodegar mshereheshaji alipoinua kikadi chake.

"Bi Maimuna Mwinyimvua ni mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo. Alianza na doti tatu. Leo anauza mpaka Kongo. Ana shahada ya biashara..."

Safu ya mbele alikuwa Mwalimu Euphrasia, aliyemfundisha, aliyekwenda kwao Magomeni mara tatu kumwomba mama mtu amrudishe mtoto darasani. Sasa atasimama aseme huyu mwongo! Maimuna alitamani ardhi immeze na kitenge chake kipya.

Mwalimu alisimama kweli, akiegemea fimbo yake, kisha akaibana kwapani. Lakini uso ulikuwa umelowa machozi, na mikono inapiga makofi kuliko ya mtu yeyote.

"Kumbe uliendelea, mwanangu! Na mimi miaka yote nilikulilia!"

Ukumbi mzima ukashangilia. Maimuna akapanda, akashika kipaza sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaa kwanza, mama. Sikuendelea."