Mlimani Walimfundisha Kiingereza

Andongwisye alikuwa kijana wa Kisiba, kule Rungwe, mtoto wa watu wa migomba, na sijaona mtu mwenye adabu za kuudhi kama zake. Mimi Kuruthumu ni wa Msasani, si ile ya Dar, ya Tukuyu mjini, mtoto wa muuza nguo, nimelelewa dukani kwenye kelele. Tulijuana Chuo Kikuu Dar es Salaam, pale Mlimani, mwaka wetu wa kwanza, sabini na ngapi sijui, Azimio la Arusha likiwa bado la moto. Alinisikia nikigombana na mpishi kwa lafudhi ya Tukuyu, akaja kunisalimia Kinyakyusa. Tangu siku hiyo nikawa na mzigo.

Kiingereza chake hakikuwa kibaya. Sekondari tulisomeshwa kwa Kiingereza sote, na kitabu alikuwa anakisoma vizuri kuliko mimi. Tatizo lake lilikuwa masikio. Kiswahili chenyewe alikikuta shuleni, Kiingereza kikaja juu yake, na mwalimu aliyemfundisha alikuwa Mnyakyusa mwenzake anayesema taratibu. Mlimani akakutana na mhadhiri wa Ireland, na Mhindi, na mtu wa visiwa vya kule Amerika, kila mmoja na mdomo wake, na wote wana haraka ya kwenda chai. Andongwisye akisikia neno moja akalikamata, mengine kumi yameshapita.

Mimi nilikuwa mwepesi wa kuandika. Basi nikaanza kuweka karatasi ya kaboni chini ya karatasi yangu, kila mhadhara, na nakala ya chini nikampa yeye. Jioni anakwenda nayo maktaba, anatafuta vitabu vilivyotajwa, anasoma mpaka anaelewa kuliko aliyeandika. Hilo liliniuma kidogo, lakini kaboni sikuiacha. Kwa njia hiyo insha zake zilikuwa zinatoka safi. Na wala hatukujiona tunafanya kosa. Nusu ya darasa walikuwa wanaishi hivyohivyo.

Balaa lilikuwa semina. Semina ni chumba kidogo, watu kama kumi wamezunguka meza, na ukikaa kimya unaonekana. Tena ina alama zake. Mwalimu wetu wa semina ndiye huyo wa Ireland, mrefu, mpole, anayevuta kiko. Sasa kwetu Rungwe mkubwa akiongea, mdogo anatazama chini, na kila akipumua unamwitikia: eena, eena. Si kwamba umekubali. Unamwonyesha tu kwamba upo. Andongwisye alifanya hivyo Mlimani, kwa Kiingereza. Yule Mzungu akisema sentensi, yeye anatazama meza na kusema "yes, sir". Wenzetu wanasinzia, wengine wanabishana, yeye anaitikia. Mwalimu alifurahi mno. Akaona amepata kijana mmoja anayemsikiliza, akampa semina ya wiki inayofuata aiongoze.

Nilimwambia akatae. Akaniuliza mtu anamkataliaje mwalimu wake.

Mada ilikuwa kazi za pamoja vijijini. Andongwisye aliandika juu ya kwao. Watu wa rika moja wanamlimia mwenzao, kesho wanahamia kwa mwingine, mwenye shamba anapika. Akahitimisha kwamba huo si ujamaa, kwa sababu shamba likishalimwa linabaki la mwenyewe na mavuno yake. Ilikuwa kazi nzuri, na ilihitaji moyo, maana siku zile kila mtu alikuwa anasema babu zetu wote walikuwa wajamaa. Aliisoma bila kukosea. Kisha mwalimu akaweka kiko chini na kufanya wanavyofanya wasomi wa kwao, akampinga ili ajitetee.

Akasema, "Mimi nadhani ni kitu kilekile."

"Yes, sir," akasema Andongwisye, akiitazama meza.

"Yaani unakubali kwamba ulichoandika si kweli?"

"Yes, sir."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilitamani kumpiga teke chini ya meza, lakini alikaa mbali. Mwalimu naye hakucheka. Alikusanya karatasi zake, na kesho yake Andongwisye akaitwa ofisini kwa mkuu wa idara. Neno lilikuwa zito. Mtu asiyeweza kuitetea kazi yake hata kwa sentensi moja, inawezekana hakuiandika. Na mtu wa kwanza kushukiwa kuwa mwandishi nilikuwa mimi, kwa sababu wote walikuwa wameona ile kaboni. Ikithibitika, anarudishwa Kisiba, na hakuna chuo kingine cha kwenda kuomba.

Niliitwa pia, nikamkuta Andongwisye na mwalimu wa semina humo ndani. Mkuu wa idara alikuwa Mtanzania, mtu wa Bukoba, mfupi, hana maneno. Akaniuliza kama nimeiandika. Nikasema kama ningekuwa na uwezo wa kuandika vile ningejiandikia mwenyewe, maana alama za insha zangu mwenyewe zilikuwa aibu. Akamgeukia Andongwisye, akamwuliza kwa Kiingereza kama nasema kweli. Andongwisye akatazama sakafu, akasema "yes, sir". Mwalimu akashusha pumzi. Jibu lile lilikuwa halina thamani tena humo ndani, hata likiwa la kweli.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikawaambia wazee hawa wawili kwamba huyu kwao hawezi kumbishia mkubwa usoni, na kwa Kiingereza cha haraka hata hajui mnambishia nini. Mwandikieni swali ubaoni, nikasema, mwacheni ajibu kwa chaki.

Mkuu wa idara alifikiri kidogo, kisha akampa mwalimu chaki. Mwalimu akaandika: ni kitu kilekile, thibitisha kuwa sivyo. Andongwisye akasoma pole pole. Akaenda ubaoni, akatugeuzia mgongo sote, na alipokuwa hamwoni mtu akaandika neno la kwanza: No. Halafu akaendelea. Nani mwenye shamba, nani mwenye mavuno, nani anaamua lilimwe lini. Mwalimu akaandika swali jingine chini yake, naye akajibu kwa kumwambia amekosea, na kwa nini amekosea. Ubao ukajaa, mkuu wa idara akaufuta kwa mkono wake, wakaendelea. Nilikaa pale nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Alibaki chuoni. Mwalimu alimpa mkono, akampa na alama, akamwambia tangu sasa ajitahidi kumtazama mwalimu usoni na kumpinga, ndivyo wasomi wanavyofanya. Tulipotoka nje nilidhani atashangilia. Akakaa kwenye ngazi, akasema, "Dada, leo nimemvunjia mtu mzima heshima." Nikamwambia azoee.

Akazoea. Mwaka wa pili alikuwa anabishana semina nzima, na masikio nayo yakafunguka, akaacha kaboni yangu.

Likizo ndefu nilipanda gari na mama kwenda Kisiba kununua ndizi, tukakaribishwa kwao. Baba yake, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, alikuwa anatueleza juu ya shamba jipya la kijiji. Akasema hii si kazi ngeni, ni ileile waliyofanya na rika lake tangu ujana. Ndugu na majirani wameketi, wanaitikia eena, eena.

Andongwisye akainua macho, akamtazama baba yake usoni.

"Hapana, tata," akasema. "Si ileile." Akataja sababu, moja baada ya nyingine, bila kukwama.

Hakuna aliyeitikia. Mzee akasubiri mpaka mwanawe amemaliza. Kisha akanigeukia mimi, mgeni, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Binti, huko mlikokwenda, wamemfundisha nini mwanangu?"

"Kiingereza, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa, akainuka, akatoka nje.