Alama za Vidole Zilikuwa Mstari wa Tisa

Kazi yangu ilikuwa kuandika yale maneno yanayokaa chini ya video. Watu wengi hawajui kama kuna mtu anayeyaandika. Wanadhani yanaota yenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyaandika, kwenye saiba moja, duka la intaneti, huku Bombolulu, mwanangu wa miaka miwili amelala kwenye mkeka nyuma ya mashine ya kutolea nakala.

Mwenye saiba alikuwa na chaneli. Alirekodi kioo cha kompyuta huku akieleza kwa sauti yake nzito: bonyeza hapa, jaza pale, lipa. Video za huduma za serikali tu, kwa sababu ndizo watu wanazozitafuta. Akimaliza ananiachia mimi kichwa cha video, maelezo, yale maneno ya kutafutia, na picha ya mbele. Nilimaliza kidato cha nne na Kiswahili changu kilikuwa kizuri, kwa hiyo aliniamini kwa hilo. Nami niliipenda kazi, sitasema uongo. Niliona ninamsaidia mtu wa Jomvu Kuu au wa Likoni asiyejua hata aanzie wapi, asitapeliwe na vijana madalali wanaozubaa nje ya ofisi za serikali.

Video ninayoizungumzia ilikuwa ya cheti cha tabia njema, kile cha polisi, ambacho kila mtu hapa anakiita gudi kondakti. Mwenyewe niliandika kichwa hiki: "Jinsi ya kuomba cheti cha tabia njema: fomu C24, shilingi 1,050, na alama za vidole." Maelezo nikayapanga vizuri. Ingia kwenye akaunti yako ya huduma za serikali. Jaza maombi, chagua kituo utakachokwenda na siku yake. Lipa 1,050 kwa simu. Toa nakala mbili za ankara ya malipo. Toa fomu C24, ile ya kupigia alama za vidole, mbele na nyuma kwenye karatasi moja, si karatasi mbili, maana ukienda na karatasi mbili utarudishwa. Beba kitambulisho chenyewe na nakala yake. Kisha nenda wewe mwenyewe, kwa miguu yako, ukachukuliwe alama za vidole. Bila vidole hakuna cheti. Cheti kikishakuwa tayari utakikuta kwenye akaunti.

Bosi akasoma akasema kichwa kimelala.

"Nani atafungua video ya vidole?" aliniuliza. "Mtu anataka kusikia ni rahisi."

Akakibadilisha mwenyewe: "Gudi kondakti kwa dakika kumi bila kutoka nyumbani." Nikamwambia si kweli, mtu lazima atoke. Akasema kuomba ni nyumbani, vidole ni jambo lingine, na atavitengenezea video yake. Kisha akaniambia maelezo yaanze na namba yake ya simu, mahali saiba ilipo, na bei za kutoa nakala. Nyinyi mnaotazama kwenye simu mnajua: maelezo hayaonekani yote. Unaona mistari miwili hivi, mingine imejificha mpaka uguse pale pa kuonyesha zaidi. Mistari yangu yote ikateremka. Vidole vikawa mstari wa tisa.

Nikayaweka hivyo hivyo. Nilikuwa na kodi ya chumba na mtoto, na baba wa mtoto alikuwa amekwenda zake. Nikabonyeza, video ikatoka. Video ya vidole hakuitengeneza hadi naondoka.

Ilipata watazamaji wengi kuliko zote. Watu wakaanza kuuliza maswali chini. Mmoja akasema amelipa, mbona cheti hakijafika. Mwingine vivyo hivyo. Bosi alinielekeza nisijibu maswali bure, niwaambie wapige simu, ili waje dukani. Kwa hiyo nikatengeneza jibu moja, nikawa nalibandika kwa kila mtu: "Ahsante kwa kutazama. Piga namba iliyo hapo juu kwa msaada." Nilikuwa nalibandika huku namnyonyesha mtoto. Sikusoma hata majina.

Sasa niwaeleze habari za dada yangu.

Ananizidi miaka tisa. Mama alipofariki yeye ndiye aliyeacha shule, darasa la nane hakulimaliza, ili mimi niendelee. Alifua nguo za watu Likoni mpaka mimi nikavaa sare ya sekondari. Hajawahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja, na pengine ingekuwa afadhali angenisimanga. Kila barua iliyoingia nyumba ile niliisoma mimi. Kila fomu niliijaza mimi. Ya hospitali, ya shule za watoto wake, yote. Alikuwa akinipa huku ameangalia pembeni, kama mtu anayevuliwa kiatu.

Mwaka huu shule moja ya watoto wadogo karibu na kwake ilitaka msaidizi wa darasa la chekechea. Kuwavalisha viatu, kuwapeleka msalani, kuwalisha, kuwalaza mchana. Kazi yake hasa hiyo. Mwalimu mkuu alimwona siku moja akituliza mtoto aliyekuwa akilia getini, akamwita. Kazi ya mshahara, wa kila mwezi, mikono isiyolowa sabuni kutwa. Sharti lilikuwa moja: alete cheti cha tabia njema kabla shule hazijafunguliwa. Alikuwa na wiki tano.

Hakuniambia. Hilo la cheti hakuniambia. Kazi aliniambia, kwenye simu, akicheka, na mimi nikapiga kigelegele mpaka wateja wakageuka. Cheti akanyamaza nacho.

Siku ya kufungua shule ilikuwa Jumatatu. Nilimpigia mchana kumwuliza watoto wamemlilia vipi. Simu haikupokewa. Jumanne nikambeba mwanangu, nikavuka feri, nikamkuta uani anafua. Beseni tatu. Nikamwuliza kwa nini hayuko kazini.

Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa ankara ya malipo. Shilingi 1,050, imelipwa, jina lake, kila kitu sawasawa. Akaniambia amesubiri cheti, hakikuja. Mwalimu mkuu alimvumilia hadi Ijumaa, kisha akasema hawezi kumweka mtu mbele ya watoto bila cheti, na mwingine alikuwa nacho mkononi. Mwanamke wa Mtongwe. Ameshaanza.

Nikamwuliza vidole alikwenda kutoa lini.

"Vidole gani?"

Nikamwuliza tena taratibu, ile sehemu ya kuchagua kituo aliweka wapi. Akasema aliweka mjini, alidhani ndipo cheti kitakapopelekwa, na ile siku aliyoichagua ndiyo atakayokwenda kukichukua. Siku ilipofika akaona bado hajaandikiwa ujumbe wowote, akasema asiende kusumbua watu, asubiri waandike.

Sikutaka kuuliza lililofuata, lakini nikauliza. Alijifunza wapi?

Akachukua simu ya mumewe akanionyesha. Sauti nzito ya bosi. Bila kutoka nyumbani.

"Nilijua ni yenu," akasema. "Nikajua maneno umeandika wewe. Nikasema, basi hii haiwezi kunipoteza."

Alikuwa ameitazama mara nne. Alisimamisha, akajaza, akasimamisha, akajaza. Siku mbili zilimchukua. Video inaishia pale malipo yanapopokelewa, na sauti inasema hongera. Naye akadhani hongera ni hongera. Nilimgusia ile sehemu ya zaidi, mistari ikafunguka, nikamwonyesha wa tisa. Akausoma polepole kwa kidole. Kisha akasema, "Kumbe yapo."

Nilianza kufoka. Nilimfokea yeye, Mungu anisamehe. Nilimwuliza kwa nini hakunipigia, mimi dakika moja tu ningemwambia, mimi kazi yangu ndiyo hiyo, nimejaza fomu zake tangu nina miaka kumi na miwili, leo ndio akaona aibu? Mwanangu akaanza kulia. Dada akamchukua, akamweka begani, akawa anampigapiga mgongoni, na mtoto akanyamaza mara moja, kama anavyonyamaza kwake kila siku.

"Nilikuuliza," akasema. "Niliandika pale chini. Nilijua ni wewe unayejibu watu. Nikasema leo niwe kama mteja tu."

Nikatafuta. Jina lilikuwa la mumewe na tarakimu nyingi nyuma yake. "Samahani mimi nimeshalipa ni wiki ya pili sasa kuna kitu kingine natakiwa kufanya?" Na chini yake mimi, na ahsante yangu ya kutazama.

Nikamwuliza mbona basi hakupiga ile namba. Akasema aliona ile namba si yangu, ni ya mwanamume, naye hakutaka tena kueleza shida yake kwa mtu. "Nilitaka kitu kimoja nikianze mwenyewe mpaka kiishe."

Nilirudi Bombolulu nikaingia kwenye chaneli. Kichwa nikakifuta. Nikaandika: "Kulipa 1,050 si mwisho. Chukua fomu C24 na kitambulisho, nenda ukatoe alama za vidole." Mstari wa kwanza wa maelezo nikauandika hivyo hivyo, namba ya bosi nikaitupa mwisho kabisa. Kisha nikashuka kwenye maswali, moja moja, nikaanza kuwajibu watu kweli. Wengine walikuwa wa miezi mitatu nyuma. Sijui hao nao walipoteza nini. Mmoja alinijibu, "Ahsante dada, nimechelewa lakini nimejua."

Bosi alikirudisha kichwa chake kesho yake. Nikambadilishia mbele ya macho yake. Akaniuliza kama nimeingiwa na wazimu, nikamwambia ndiyo. Akabadilisha neno la siri, na mimi nikakunja mkeka wa mwanangu nikaondoka. Sikumwambia habari za dada. Hakustahili kuzijua.

Juma lililofuata nilitoa C24 mpya, mbele na nyuma, kwenye saiba nyingine, nikampelekea. Nikamwambia twende wote mjini, malipo yako si yameshafanyika, ni vidole tu. Kazi nyingine zitakuja. Akaipokea, akayaangalia yale masanduku kumi matupu ya vidole, akasema ni nzuri. Akaiweka chini ya godoro.

"Kwa kazi gani?" akaniuliza, bila ubaya wowote, akarudi kwenye beseni.

Nilimwomba tena mara mbili. Sijamwomba mara ya tatu. Neno lake la siri nalijua, nililitunga mimi miaka ile nilipomfungulia akaunti ya huduma za serikali. Kuna siku nyingine naingia tu kuangalia. Maombi yake yapo pale pale. Yameandikwa kwa kijani kwamba malipo yamepokelewa.