Fundo la Nyasi Kwenye Ua wa Shule

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, nilimfunga mwalimu wangu mdomo. Sikutumia kamba wala kitambaa. Nilitumia nyasi, na kwa siku nzima niliamini kwamba nimefaulu.

Tulikuwa tukiishi Kangemi, chumba kimoja, mimi na mama na dada Nafula, binti wa mama mkubwa, aliyekuwa darasa la tano. Mama alikuwa amepata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hospitali moja ya Parklands, akaamua nihamie shule iliyo karibu na kazi yake. Likizo nzima ya Desemba nilijivunia sweta jipya, kubwa hata mikono yake ilinifika kwenye kucha. Kisha Nafula akaniharibia.

"Huko, mtoto mgeni anasimamishwa mbele," aliniambia jioni ya mwisho, akichambua mboga ya sukuma. "Unasema jina, unasema umetoka wapi. Ukikosea, wanakucheka mpaka term iishe."

Sikula chakula. Katika shule yangu ya kwanza niliwahi kusimamishwa hivyo, sauti ikagoma kutoka, na nikajikojolea. Nafula hakulijua hilo. Mama alijua. Kwangu mimi shule mpya ilikuwa kitu hicho kimoja tu: ile hatua ya kutoka kwenye dawati hadi mbele.

Nafula aliponiona nalia, akanihurumia, maana hakuwa mtoto mbaya. Akanipa dawa. "Wee funga nyasi. Kabla ya kuingia geti, unafunga fundo, unasema, 'Mwalimu, nimekufunga mdomo.' Halafu usiangalie nyuma. Hawezi kukuita. Lakini ukitoka lazima ufungue, umesikia? Usipofungua anabaki hivyo."

Asubuhi tumbo liliniuma. Halikuwa la uongo, liliuma kweli, na uji ulipofika kooni ukarudi. Mama akanigusa paji la uso, akaona halina joto.

"Hilo ni tumbo la woga," alisema. "Hata mimi lilinishika siku ya kwanza ya kazi. Linaisha ukishafika, si kabla."

Hakunicheka, wala hakuniambia hakuna cha kuogopa. Nikiwa mtu mzima ndipo nimeelewa jinsi hekima hiyo ilivyo adimu.

Tulishuka kwenye basi Westlands, tukatembea. Ua wa shule ulikuwa wa miti ya kayaba, mrefu, wenye miiba, na chini yake nyasi zilikuwa zimeota za kutosha. Mama aliposimama kumsalimu mlinzi, niliinama kana kwamba navuta soksi. Nikafunga fundo. Nikasema maneno. Sikuangalia nyuma.

Ofisini karani alichukua barua ya uhamisho na ripoti yangu ya zamani, akaandika jina langu kwenye daftari kubwa. Kisha, kabla ya darasa, mama alinipeleka kuona vyoo vya wasichana, na bomba la maji, na mlango wa darasa la pili. "Ukitaka kwenda, unainua mkono," alisema. Akanirudisha hadi tukaliona geti. "Kengele ya saa saba kasorobo ikilia, nitakuwa nimesimama pale, karibu na mlinzi. Sasa naenda kazini. Kwaheri, Nekesa." Akaenda. Hakunitoroka. Nililia, ila nililia nikijua nalilia nini na nitalia hadi saa ngapi.

Darasani nilikaa dawati la mbele kabisa, kwa kuwa ndilo pekee lililobaki na nafasi. Kando yangu alikaa msichana mwenye nywele ndefu zilizosukwa mkia mmoja, jina lake Zarina. Alisogeza mkoba wake bila kuambiwa.

Mwalimu akaingia. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga skafu shingoni ingawa Januari ile ilikuwa ya jua kali. Watoto karibu hamsini tukasimama. Akafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka.

Akakohoa, akajaribu tena. Ikatoka pumzi tupu. Nilikuwa nimemfunga kweli.

Akatazama huku na huku, kisha akamwinamia mtoto aliyekuwa karibu naye kuliko wote, yaani mimi. Akaninong'oneza, "Waambie wakae."

Ningefanya nini? Kosa lilikuwa langu. Nikageuka. "Kaeni," nikasema, na sauti ilikuwa ya kuku mgonjwa.

Watoto hamsini wakakaa.

Mwalimu akaniashiria nije pembeni mwa meza yake. Akafungua daftari la mahudhurio, akaweka kalamu kwenye jina la kwanza, akalinong'ona. Mimi nikalitaja kwa nguvu. Huko nyuma mtu akajibu, "Yes!" La pili, la tatu. Kufika jina la kumi nilikuwa nimesahau kutetemeka, kwa sababu kazi yenyewe haikunipa nafasi: kusikiliza, kushika, kutaja, kungoja jibu. Zarina alipoitikia alinikonyeza. Kalamu ikashuka hadi mwisho wa ukurasa, kwenye jina lililoandikwa kwa wino mbichi.

"Nekesa!" niliita.

Kimya. Nikangoja jibu. Kisha nikashtuka, nikapiga kelele, "Yes!"

Darasa zima likacheka. Kicheko kilekile nilichokiogopa likizo nzima. Nami, sijui kwa nini, nikacheka nao, na mwalimu akacheka bila sauti hadi akashika skafu.

Lakini mapumziko yalipofika, hatia ikanirudia. Nikamwambia Zarina kila kitu, machozi yakinilengalenga. "Kama sitafungua, atabaki bubu," nilisema.

Zarina alinitazama, akanishika mkono. "Kuja."

Tukapita pembeni ya geti hadi kwenye ua, ndani, ambapo nyasi zilipenya kutoka upande ule mwingine. Nikapiga magoti. Kulikuwa na fundo. Kando yake kulikuwa na lingine. Na lingine. Mengine yalikuwa makavu ya zamani, mengine ya kijani, ya asubuhi ile. Ua mzima, hadi kwenye kona, ulikuwa umefungwa mafundo.

"Ya nani haya?" niliuliza.

"Ya watu wote," Zarina akasema. "Hili na hili ni yangu. Mimi nilifunga mbili, juu ya kuogopa hesabu."

Nilikaa chini kwenye vumbi na sweta langu jipya. Siwezi kueleza nafuu niliyoipata. Kumbe wale hamsini waliojibu "Yes" kwa sauti kubwa kiasi kile walipita hapa kwanza, wakainama, wakajifanya wanavuta soksi.

Tulifungua mengi kadiri tulivyoweza hadi kengele ikalia. Langu sikulitambua.

Saa saba kasorobo mama alikuwa pale alipoahidi, harufu ya sabuni mikononi. "Tumbo?" aliuliza. Nilikuwa nimelisahau. Niliongea kuanzia getini hadi Westlands, naye hakupata nafasi ya neno.

Sauti ya mwalimu ilirudi baada ya siku tatu. Alituambia ni mafua, na kwamba Jumapili aliimba kwaya wakati hakupaswa kuimba. Sikumbishia. Aliendelea kuniita mbele kusoma majina, na niliendelea kwenda.

Siku hizi nikipita karibu na shule yoyote mwezi wa Januari, macho yangu huenda kwenye nyasi za chini ya ua. Mara nyingine naona fundo. Siligusi. Mwenyewe yuko ndani, na akimaliza kuogopa atatoka kulifungua.