Mapipa Kumi ya Dizeli

Wegesa aliposoma ile hati mara ya kwanza, alidhani wamekosea jina. Akaigeuza, akasoma jina lake, Wegesa Joram, mashine ya kusaga, Mugumu. Akaisoma tena ile sehemu ya chini yenye tarakimu. Shilingi elfu tatu na mia mbili, kodi ya mapato ya mwaka 1976. Aliinuka akazima mashine, wanawake waliokuwa kwenye foleni na madebe yao wakabaki wanatazamana, akakaa juu ya gunia la pumba akiwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuichana.

Kilichomchoma si ukubwa wa zile fedha tu. Ni kwamba alikuwa amejitayarisha.

Wiki mbili kabla afisa hajaja, barua ilifika ikimtaka aweke tayari vitabu vyake na stakabadhi zote. Wegesa hakuwa mtu wa kuogopa karatasi. Joram, mumewe, aliyestaafu jeshini akanunua mashine kwa kiinua mgongo chake, alikufa mwaka 1973 na kumwachia mashine, watoto wanne na deni la mkanda mpya. Tangu hapo aliandika kila debe kwenye daftari la shule: tarehe, idadi, fedha iliyoingia. Mwenye kusagiwa kwa mkopo alimwandika pembeni. Mwenye kulipa kwa mayai aliandikwa pia, mayai mangapi na thamani yake.

Kwa hiyo barua ilipokuja alitandika mkeka ndani, akamwaga lile boksi la viatu alimohifadhi karatasi. Za dizeli aliziweka upande mmoja, za vipuri upande wa pili, za leseni na kodi ya kiwanja upande wa tatu, na makaratasi ambayo kijana wake wa kazi alitia sahihi kila mwisho wa mwezi akipokea mshahara yakawa fungu lao peke yao. Kisha akazipanga kila fungu kwa miezi, Januari juu, Desemba chini. Zilizofifia alizinakili kwa kalamu kwenye karatasi nyingine na kuzibana pamoja na zile za asili. Alipohesabu za dizeli akakuta mapipa tisa, na yeye alikumbuka kumi. Alikwenda kwa muuza mafuta, wakafunua kitabu chake cha nakala ukurasa kwa ukurasa mpaka pipa la mwezi Mei likaonekana, akaandikiwa stakabadhi nyingine yenye namba ileile na neno «nakala» juu yake.

Shemeji yake, Wangwe, alipita siku hiyo akamkuta amezungukwa na karatasi, akacheka.

«Unajisumbua bure, mke wa ndugu yangu. Huyo mura, huyo kijana wa kodi, hataki karatasi. Mfungie mbuzi mmoja kwenye gari.»

Wegesa aliendelea kupanga. Alijua mbuzi wa leo ni ng'ombe wa mwakani.

Afisa aliitwa Kornelio. Alikuja Julai, siku ya mnada, katikati ya mavuno, wakati watu wanakuja hata kutoka kijiji cha Ringwani na mtama na mahindi mapya. Foleni ilikuwa imepinda mpaka barabarani. Alisimama mlangoni kwa muda, suruali yake ikiingia weupe wa unga, akahesabu madebe kwa kidole na kuandika kwenye kijitabu chake. Wegesa alimkaribisha kiti, akaweka boksi na daftari mbele yake mezani. Kornelio alilisukuma daftari pembeni bila kulifungua.

«Mama, haya madaftari kila mtu anayo,» alisema. «Mnayaandika jioni moja kabla hatujafika.»

Wegesa alimwomba afungue hata ukurasa mmoja tu, aone wino wa Januari na wa Desemba kama ni mmoja. Kornelio akasema ana wafanyabiashara wengine wanne wa kuwaona kabla ya saa tisa. Alikunywa soda aliyopewa, akaondoka. Boksi lilibaki mezani, kamba yake haijafunguliwa.

Sasa hati ilikuwa mkononi, na nyuma yake kulikuwa na hesabu fupi. Madebe sabini kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka. Madebe elfu ishirini na moja. Theluthi moja imetolewa kwa gharama, kwa kukisia. Kornelio alikuwa amechukua ile siku moja ya mnada na kuifanya mwaka mzima.

Wegesa aliinuka. Aliwasha mashine, akamalizia foleni, akafunga mlango, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Selestine. Selestine alikuwa karani wa hesabu wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na sita, mpaka vyama vilipovunjwa mwaka uliopita na yeye akarudi kulima mihogo. Hakuwa mtu wa maneno matamu tena. Wegesa alimwamkia shikamoo, akamtupia hati mapajani kabla hajaitikia vizuri.

Alimwambia kwamba hatalipa. Waje wachukue mashine, waje wamfunge, hatalipa.

«Marahaba,» Selestine alisema, akavaa miwani. Alisoma pande zote mbili, polepole. «Hati hii uliipata lini?»

Leo. Lakini ilikuwa imelala kwenye sanduku la posta la parokia, na tarehe iliyopigwa juu yake ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma.

«Basi nisikilize. Ukikaa na hasira yako nyumbani, umekubali. Sheria inakupa siku thelathini tangu ulipopewa hati, uandike pingamizi kwa kamishna. Zikipita bila barua yako, hiki kiasi kinakuwa deni, na mwenye deni hasikilizwi. Sisi tutahesabu kuanzia tarehe ya juu ya karatasi, ili mtu asipate pa kutushika. Umebakiwa na siku kumi na tisa.»

Wegesa alitaka barua iseme kwamba Kornelio ni mwongo na mvivu, kwamba alikunywa soda yake na kumtukana. Selestine akaweka kalamu chini. Alisema barua ya matusi inajibiwa na matusi, na ile inayosema tu «kodi ni kubwa mno» haijibiwi kabisa. Lazima iseme hati ipi, namba yake, mwaka gani, kosa liko wapi, na kiasi sahihi ni kipi. Wakabishana mpaka mke wa Selestine akatoka jikoni kuona kuna nini. Mwishowe Wegesa alifunga mdomo, akafungua boksi.

Jambo lenyewe lilitoka kwenye fungu la dizeli. Selestine alimuuliza pipa moja linasaga madebe mangapi. Elfu moja, Wegesa alisema, ukibahatika na mahindi makavu, elfu moja na hamsini. Mzee akainua kichwa.

«Kwa hiyo madebe elfu ishirini na moja yanataka mapipa ishirini.»

«Na mimi nilinunua kumi.»

Selestine akafungua daftari. Lilisema madebe elfu tisa mia nane na sitini. Pipa na daftari vilisema jambo moja, na muuza mafuta alikuwa na nakala za kila pipa kwenye kitabu chake mwenyewe. Tena kulikuwa na wiki kumi na moja ambazo mashine ilisimama kabisa, pampu imekufa, nyingine ikisubiriwa kutoka Mwanza. Stakabadhi ya pampu ilikuwepo, na mwenyekiti wa mtaa, ambaye mkewe alitwanga kwa kinu wiki zote hizo, aliandika barua ya kuthibitisha bila kubembelezwa. Selestine akaongeza kitu ambacho Wegesa hakukijua: mashine inachakaa, na sheria inaruhusu uchakavu huo utolewe kwenye mapato. Miaka mitatu hakuwahi kuudai. Hilo nalo lilimkasirisha, na safari hii hakujua amkasirikie nani.

Waliandika barua kwa nakala mbili. Selestine akamwonya asiende mikono mitupu: ile sehemu ya kodi ambayo yeye mwenyewe anakiri anadaiwa, shilingi mia nne na themanini, ailipe, na aombe ile inayobishaniwa isimamishwe mpaka pingamizi lijibiwe. Wegesa aliuza ndama.

Alisafiri kwa basi hadi ofisi ya kodi mkoani, boksi mapajani, kamba imefungwa mara mbili. Alikataa kuliacha juu ya paa pamoja na kuku wa watu. Karani wa mapokezi aliichukua barua na kuitupa kwenye trei. Wegesa akabaki amesimama. Akasema anataka muhuri na tarehe kwenye nakala yake. Karani akamwambia aende tu, barua imepokelewa.

«Nitaenda ukishagonga muhuri,» Wegesa alisema.

Ulipogongwa, alisoma tarehe kwa sauti, akalipa zile mia nne na themanini dirisha la pili, akapewa stakabadhi.

Waliitwa baada ya wiki sita, yeye na boksi lake. Afisa mkuu alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, na Kornelio alikaa pembeni yake. Mkuu alifungua daftari. Alisoma Januari, akaruka hadi Mei, akachukua stakabadhi ya pipa la Mei akailinganisha, akarudi nyuma. Alifanya hivyo karibu saa nzima huku Wegesa akimtazama Kornelio, naye Kornelio akitazama dirisha. Kisha mkuu akamuuliza Kornelio swali moja tu: kama alilifungua daftari hili alipokwenda Mugumu.

«Kulikuwa na watu wengi, mzee,» Kornelio alisema.

Wegesa alikuwa na maneno aliyoyatunga tangu Mugumu, ya Kikurya, yasiyotafsirika. Akayameza. Alisema tu kwamba watu wengi wale ndio waliotozwa, kwa sababu kodi ingekuwa elfu tatu, bei ya kusaga debe ingepanda, na mama mwenye debe moja kutoka Ringwani ndiye angelipia kalamu ya Kornelio.

Mkuu akarudi kwenye karatasi. Lakini si kila kitu kilikwenda kama alivyotaka. Mkuu aliinua kipande cha karatasi ambacho Wegesa alikuwa amekiandika kwa mkono wake: fundi, kunoa mawe na kufunga pampu, shilingi mia tatu na ishirini. Hakikuwa na sahihi ya fundi wala jina lake. Akasema hiki hakipokelewi. Wegesa alipinga; pampu haikujifunga yenyewe. Mkuu akasema anaamini imefungwa, ila kuamini si stakabadhi, na kama haridhiki, akishapata jibu anaweza kukata rufaa kwa kamati ya rufaa za kodi.

Hati mpya ilifika Oktoba. Shilingi mia tano na sitini. Themanini zaidi ya alizokwisha kulipa, na zote themanini zilitokana na kile kipande cha fundi. Hakukuwa na neno la pole popote juu ya karatasi. Selestine alimwambia ashukuru, wengi hawafiki hapo. Wegesa alisema hashukuru mtu kwa kurudishiwa kilicho chake. Ndama amekwenda, nauli mara mbili imekwenda, na Kornelio bado anahesabu madebe ya watu kwa kidole. Rufaa hakukata. Alilipa zile themanini.

Wiki iliyofuata mawe ya mashine yalihitaji kunolewa. Fundi Nyamhanga alifika na tindo zake, akafanya kazi asubuhi yote, akanyoosha mkono apewe chake. Wegesa alimwekea kalamu kwenye kiganja.

Nyamhanga alisema wamefahamiana miaka minane na hajawahi kuandikishwa kama mwizi.

«Andika jina lako lote,» Wegesa alisema. «Na tarehe.»

Fundi aliandika huku akinung'unika, herufi kubwa kubwa, vumbi la mawe likidondoka kutoka kwenye nywele zake juu ya karatasi. Wegesa alilipuliza, akasoma, akampa fedha zake.