Kadi ya Matundu ya Mwalimu Tahiya

Mwalimu Tahiya hana dogo. Ukimtajia saa, anakuuliza kwanza umeisoma wapi. Nimekaa naye chumba kimoja cha walimu hapa Mji Mkongwe miaka tisa, mimi nikifundisha kemia, yeye hesabu za juu, na nasema wazi kuwa namwogopa.

Kila mwaka kidato cha tano hufanya jaribio lake la namba changamano, maswali ishirini ya kuchagua. Asiyepata kumi na mbili huhamishwa mchepuo. Kusahihisha kwake ni kwepesi: ana kadi ngumu aliyoitoboa matundu mwenyewe, anaiweka juu ya karatasi na kuhesabu alama zinazochungulia.

Mwaka huu Khairat, binti wa Makunduchi, alipata kumi na moja. Hakulia. Alikuja chumbani kwetu na karatasi yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Swali la tisa, nnaomba tulitazame."

"Marahaba. Kadi haikosei."

Swali lilitoa namba, hasi moja jumlisha i mara kipeuo cha pili cha tatu. Lilitaka moduli yake, yaani umbali wake kutoka sifuri, kisha pembe ya mwenzake, yaani namba ile ile iliyogeuzwa alama ya sehemu ya i. Moduli ni mbili, hapo hawakugombana. Kuhusu pembe, kadi ilisema digrii sitini. Khairat alichagua hasi mia na ishirini.

"Kikokotoo kinasema sitini," alisema Mwalimu.

"Kinasema hivyo kwa sababu alama mbili za hasi zikigawanywa zinafutana, Mwalimu. Lakini mwenzake yuko kushoto, tena chini." Akachora mistari miwili inayokatana, akatia nukta. "Tujaribu sitini. Mbili mara kosaini ya sitini ni moja. Sisi tunataka hasi moja."

Mwalimu Tahiya aliitazama ile nukta mpaka chai yangu ikapoa. Mimi nilijifanya nasahihisha. Kisha akachukua kalamu, akaandika kumi na mbili.

"Rudi darasani kwako," alisema. "Ahsante, mwanangu."

Nilidhani yamekwisha. Lakini alifungua kabati, akashusha karatasi za miaka sita. Kadi ilikuwa ile ile miaka yote. Alipekua swali la tisa moja moja, na niliona uso wake ukizidi kusawijika. Waliochagua kama Khairat walikuwa saba. Sita walifaulu kwa maswali mengine. Mmoja, Biasha, alikuwa na kumi na moja.

Biasha sasa anapokea wageni katika hoteli moja Kiwengwa. Mwalimu alimpigia palepale, akamweleza yote bila kujitetea.

Sauti ya simu ilifika mpaka mezani kwangu.

"Nilichora siku ile, Mwalimu," Biasha alisema. "Nikaona hasi mia na ishirini. Ulipotoa majibu, nikaifuta picha."