Mpunga Upo, Kodi Hakuna

Sisi wapangaji wa Mama Annonciata pale Kawajense tulidhani tunamjua. Mjane mpole, uwanja anafagia mwenyewe, na ukichelewesha kodi anakuambia tu, "Jitahidi, mwanangu." Deusdedit, mpangaji wa vyumba viwili vya mbele, aliupenda sana upole huo. Alikaa miezi saba bila kulipa hata senti.

Kila akidaiwa alijibu, "Nikivuna, mama." Huku kwetu jibu hilo linakubalika, maana nusu ya mji inalipa madeni mpunga ukitoka shambani. Basi akavuna. Magunia yakajaza chumba kimoja mpaka juu, naye hakuuza hata moja. Alikuwa anasubiri bei ipande. Mwenye nyumba wake, ambaye kodi ndiyo chakula chake, alikuwa anakopa unga dukani. Niliona, na iliniuma.

Ndipo mama akaja na mwenyekiti wa mtaa, barua mkononi. Madai ya mwisho: alipe malimbikizo yote ndani ya siku thelathini, la sivyo siku hizo zikiisha upangaji umekoma na vyumba avirudishe.

"Bei bado iko chini, mama," Deusdedit akasema. "Vuta subira kidogo."

"Nimeshavuta sana, baba. Saini hapa."

Akagoma. Mwenyekiti akaandika kwenye nakala kwamba amekabidhiwa barua akakataa kusaini, nami nikasaini kama shahidi. Salvatori, mpangaji mwenzetu mwenye haraka zake, akamshauri mama akipige kufuli chumba cha mpunga.

"Sigusi mali ya mtu," mama akamkatiza. "Siku zikiisha hajatoka, tutaonana Baraza la Ardhi na Nyumba."

Deusdedit alicheka. Huyu mama, Baraza? Siku zikaisha, yeye yumo tu. Wiki iliyofuata bei ikapanda, akauza kwa raha zake, akaja kibarazani tulipokuwa tumekaa na mama, anatabasamu: deni lote mkononi, kodi ya miezi mitatu ya mbele juu yake, na gunia la mchele begani kama zawadi.

Mama alihesabu taratibu. Ya nyuma akachukua, akaandika risiti: malimbikizo tu. Ya mbele akamrudishia.

"Nikipokea hii nitakuwa nimekupangisha upya. Sitaki. Unahama, au niende Baraza?"

Tabasamu likafutika. Kesi angeshindwa, na gharama zingemwangukia yeye, hilo alilijua. Akaahidi kuhama Jumamosi.

"Basi pokea mchele, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Usiniaibishe mbele za watu."

"Nenda nao unakohamia. Mimi nilikuwa na njaa mwezi wa sita, Deusdedit, na chumba chako kilikuwa kimejaa."

Aliinama, akalibeba gunia lake. Hakuna aliyemsaidia kulipandisha begani, hata mimi.